Midomo inagoma ubeti wa pili: nani ana zoezi fupi la kila siku kwa anayeanza tarumbeta?

Chipukizi wa Mbagala
Habari zenu wakuu. Nimejiunga na bendi ya matarumbeta ya usharika wetu huku Mbagala, nimepewa tarumbeta ya pili. Solfa nasoma bila shida kwa sababu nimetokea kwaya, na vidole vimeanza kuzoea pistoni. Kinachonishinda ni midomo. Ubeti wa kwanza natoka safi, wa pili sauti inaanza kuingia upepo, tukifika wa tatu nabonyeza pistoni tu ili nisionekane nimesimama bure.

Mkubwa mmoja bendini aliniambia dawa ni kuvumisha midomo kwenye mausipisi. Basi natembea nayo mfukoni. Nikipanda daladala Rangi Tatu kwenda Kariakoo navumisha njia nzima, na foleni ya barabara ya Kilwa mnaijua wenyewe, kuna siku inafika karibu saa zima. Abiria wanageuka kuniangalia, nimeshazoea. Ila jioni nikifika mazoezini midomo ndiyo inakuwa mizito zaidi.

Nafanya kidogo au nazidisha? Asubuhi nina kama robo saa kabla ya kutoka, na nimepanga chumba, jirani yuko upande wa pili wa ukuta. Mwenye zoezi fupi la kujenga midomo idumu anisaidie.

Mwana wa Tandika
Mkuu, tangawizi mbichi na asali asubuhi kabla ya kula chochote. Wengine wanameza yai bichi. Koo linafunguka, ubeti wa nne unaimba kama ndio kwanza umeanza.

Chipukizi wa Mbagala
Asante ndugu yangu, ila mimi siimbi, napuliza. Koo liko salama.

Mwana wa Tandika
Aah, nilisoma kichwa cha habari juu juu. Basi nakaa hapa pembeni nijifunze.

Kopa Tupu
Kwa mtazamo wangu hujavumisha vya kutosha, na unavumisha vibaya. Wapigaji wa kweli wanavumisha midomo mitupu, bila hata mausipisi. Fanya hivyo nusu saa kila siku, misuli itakaza. Pili, usikandamize tarumbeta mdomoni hata kidogo. Kuna watu walikuwa wanalining'iniza kwa kamba kutoka darini wanapiga bila kulishika kwa mikono. Tatu, badilisha mausipisi, tafuta yenye kikombe kifupi. Nota za juu zinakuja zenyewe.

Mzee Bomba
Kijana wa Mbagala, kabla hujabadilisha chochote nijibu mambo matatu. Nimepiga bendi ya majeshi hadi nikastaafu, na nimefundisha wanaoanza wengi. Malalamiko haya yanafanana yote kwa maneno, lakini chanzo si kimoja.

La kwanza: sauti inapokufa, unasikia uchovu wapi? Kwenye pembe za mdomo, kule upande upande, au katikati pale chuma kinapokaa?

La pili: ukimaliza kupiga, nenda kwenye kioo. Kuna alama ya duara mdomoni? Angalia tena baada ya robo saa uniambie kama bado ipo.

La tatu: kidole kidogo cha mkono wa kulia unakiweka wapi? Kile kinachoingia kwenye ndoano juu ya tarumbeta.

Chipukizi wa Mbagala
Shikamoo mzee.

Uchovu uko katikati, mdomo wa juu unakuwa kama umekufa ganzi. Pembeni sisikii kitu. Alama ipo, nyekundu, na leo nimeangalia baada ya kuoga na kunywa chai bado ilikuwepo. Kidole kiko ndani ya ndoano na, ukisema hivyo, naona ndicho kinachovuta tarumbeta lije usoni nikifika nota za juu.

Mzee Bomba
Marahaba. Basi umeshajijibu nusu.

Mdomo umezungukwa na msuli mmoja wa duara, na pembeni ipo misuli mingine inayoushika. Kazi ya kushikilia inatakiwa iwe kwenye pembe, katikati pabaki laini ili pavume. Kwa anayeanza pembe bado ni changa, zinachoka mapema. Zikichoka, mkono unaingia kusaidia bila mwenyewe kujua: kidole kinavuta ndoano, mkono wa kushoto unasukuma, na mdomo unabanwa kati ya meno na chuma. Damu haipiti vizuri, mdomo unavimba, na mdomo uliovimba hauvumi. Hapo ndipo unasikia upepo. Ukipuliza zaidi upepo unaongezeka, kwa hiyo unakandamiza zaidi, na ubeti wa tatu hauna kitu.

Ndiyo maana nimeuliza uchovu uko wapi. Ungeniambia pembe zinauma ningefurahi, hiyo ni kazi halali. Ganzi ya katikati ni mkono unaofanya kazi ya mdomo.

Sasa daladala. Saa zima ya kuvumisha bila kupumzika ni zaidi ya wanachofanya wengi wanaokula kwa tarumbeta. Unafika mazoezini umeshamaliza mdomo wa siku hiyo. Halafu gari likiingia shimo na chuma kiko kwenye meno, hiyo habari nyingine. Acha kabisa.

Toa kidole kwenye ndoano, kiweke juu yake kilegee. Ndoano ni ya kushikia tarumbeta kwa mkono mmoja wakati mwingine unafungua ukurasa au unaweka kofia ya kupunguza sauti.

Kopa Tupu
Kwa hiyo mzee unakubali, asikandamize.

Mzee Bomba
Nakubali nusu. Bila kugusa kabisa hewa inatoroka pembeni, hakuna sauti. Kipimo ni hiki: piga so ya katikati kwa sauti ya wastani, halafu sogeza tarumbeta mbele polepole sana huku nota inaendelea. Itafika mahali hewa inaanza kuvuja. Rudisha kidogo tu, nota ijifunge tena. Hapo ndipo kiasi chako kwa nota hiyo. Nota za juu zitataka zaidi kidogo, nazo zina mpaka wake. Habari ya kamba darini ni mchezo wa kuonyesha wageni, hakuna anayepigia ibada hivyo.

Kuhusu mausipisi, kaka, anayeanza abaki na aliyopewa. Nyingi za wanafunzi zimechongwa 7C ubavuni, zinatosha kabisa. Kikombe kifupi kinaipa sauti makali, na kweli wapo wanaokisikia chepesi juu, lakini mdomo uliochoka kwa kubanwa utabanwa na hicho pia.

Dada wa Fligo
Naomba niingie. Napiga fligo na tarumbeta kwenye bendi yetu Kimara. Aliyenifundisha alipiga marufuku kuvumisha kabisa, kwa mausipisi au bila. Hoja yake ni kwamba tarumbeta lenyewe linasaidia midomo. Ukipuliza, mawimbi ya sauti yanarudi kutoka mbele na kuushika mdomo kwenye nota. Kwenye mausipisi peke yake msaada huo haupo, kwa hiyo unakaza midomo kuliko inavyohitajika, na mkazo ule unauhamishia kwenye tarumbeta. Midomo mitupu ndiyo mbaya zaidi. Mimi sijawahi kuvumisha na napiga ibada nzima bila shida.

Mzee Bomba
Dada, mwalimu wako hakusema uongo. Mdomo mtupu ukivuma na mdomo ulio ndani ya tarumbeta haukai sawa. Ule mtupu lazima ujikaze na tundu lake ni dogo zaidi. Ndiyo maana nusu saa ya Kopa siwezi kumpa huyu kijana.

Tunapoachana ni hapa. Kwa sababu mausipisi haina nota zake za kushikilia, inakufichulia mambo mawili. Sikio: kama nota haipo kichwani, mvumo unatangatanga. Na hewa: ukibana pumzi, mvumo unakatika hapo hapo, wakati tarumbeta lingekusamehe. Kwa dakika mbili ni kioo kizuri. Kwa saa zima ni mateso.

Dada wa Fligo
Mimi kioo hicho nakipata kwingine. Chomoa slaidi kubwa ya kutyunia, acha mausipisi pale inapokaa siku zote, puliza bomba lile fupi linalobaki bila kubonyeza kitu. Linatoa nota moja yake. Ukiwa umelegea na hewa inatembea, nota inatulia na ina mwili. Ukikaza inapanda na kukonda. Mdomo unapata msaada kidogo na bado unajisikia. Mwambie ajaribu hilo badala ya kuvumisha.

Mzee Bomba
Hilo la bomba ni zuri, nami nalitumia kwa wenye kukaza sana. Badala ya kuvumisha, sikubali. Lakini hatutagombana.

Chipukizi wa Mbagala
Mzee na dada, mimi nipo hapo katikati. Nipeni ratiba ya hiyo robo saa nianze kesho.

Mzee Bomba
Haya. Nikisema do nina maana do ya tarumbeta, bila kubonyeza pistoni, siyo do ya wimbo inayohama. Tafuta metronomu ya simu uiweke 60, pigo moja kwa sekunde. Utahitaji na kinanda cha simu.

Anza bila chombo. Vuta hewa mapigo manne, itoe mapigo manne, tumbo na mbavu zipanuke, mabega yatulie. Mara chache tu. Kisha legeza midomo uipulize itikisike yenyewe, brrr, kama mtoto anayeendesha gari la mchezo sakafuni. Hii si kuvumisha, ni kuiamsha damu. Dakika moja imeisha.

Sasa mausipisi. Ishike mkiani kwa kidole gumba na cha shahada tu, basi. Ukiishika hivyo huwezi kuikandamiza hata ukitaka, itateleza. Bonyeza F kwenye kinanda cha simu, sikiliza, IIMBE kwanza, halafu ivumishe mapigo manne. Pumzika mapigo manne. Mvumo uwe mnene, wenye hewa nyingi, usiwe mwembamba wa mbu. Ukishatulia, anzia hapo hapo uteremke taratibu bila kukata, sauti iteleze kwenda chini kadiri inavyokwenda bila kulazimisha, kisha irudi ulikoanzia. Usipande zaidi ya ulikoanzia. Dakika mbili na pumziko ndani yake, weka mausipisi kwenye tarumbeta.

Kinachofuata ndicho chakula chenyewe, nota ndefu. Anza na so ya katikati, bila pistoni. Mapigo manane, laini, bila kuongeza wala kupunguza. Pumzika mapigo manane, TOA chuma mdomoni wakati wa kupumzika. Kisha shuka nusu nusu: pistoni ya 2, halafu 1, halafu 1 na 2, halafu 2 na 3, halafu 1 na 3, halafu zote tatu, mwisho wazi tena, nawe uko do ya chini. Ni nota nane. Ukihesabu na mapumziko yake ni dakika mbili na kidogo. Zinaonekana chache. Sikiliza mwanzo wa kila nota: kama hewa inatoka kwanza na sauti inachelewa, midomo imeachana sana au unasubiri mdomo badala ya kuupelekea hewa. Sikiliza na mwisho: kama nota inashuka kabla haijaisha, pumzi imelegea.

Baada ya hapo, kuunganisha kwa midomo. Do ya chini, so, do ya chini, pumzi moja, bila kugonga ulimi katikati, bila kubonyeza. Mwanzo utasikia mruko au kukatika. Usisukume chuma ili upande. Ongeza kasi ya hewa, ulimi ndani ya mdomo uinuke kama unatoka "aa" kwenda "ii". Ukimaliza, pumzika muda ule ule uliopiga. Rudia kwa pistoni ya 2, kisha 1, na kuendelea kwa mpangilio ule ule mpaka zote tatu. Hii ikishakaa, fanya so na do ya kati. Hapo ndipo pembe zinajengwa. Dakika nne au tano hivi.

Maliza kwa do ya chini laini na brrr tena. Jumla haizidi dakika 12, na karibu nusu yake hupigi. Hiyo nusu usiikate ukidhani unaokoa muda.

Chipukizi wa Mbagala
Ubarikiwe mzee. Nimejaribu kabla sijalala, mausipisi tu. Swali moja: wewe umesema F, lakini nota ndefu umeniambia nianzie so, na kwangu so ni G. Nimebonyeza G kwenye kinanda nikapiga so yangu kwa tarumbeta, haviendani kabisa. Tarumbeta langu bovu?

Kopa Tupu
Slaidi imeingia sana. Vuta nje.

Dada wa Fligo
Kopa, akiivuta itashuka zaidi, na so yake tayari iko sauti nzima chini ya G ya kinanda 😂 Tarumbeta lake ni la Bi bemoli, kama mengi tuliyonayo. Akipiga do yake kinanda kinasikia Bi bemoli. So yake kinanda kinasikia F. Kwa hiyo mzee yuko sawa: F ya kinanda ndiyo so yako, mdogo wangu. Chombo kizima.

Mzee Bomba
Umenisaidia dada, nilidhani nimelisema hilo.

Jamaa wa Gongo la Mboto
Wakuu, samahani kukatisha, tarumbeta jipya Kariakoo siku hizi linaanzia ngapi?

Kopa Tupu
Nenda na mtu anayejua kupiga, ajaribu pistoni na slaidi zote kabla hujatoa hela. Ukiwa peke yako utapewa bei ya mgeni.

Mama Nasra
Naomba msaada na mimi. Mwanangu yuko bendi ya shule, amewekewa vyuma vya kunyoosha meno mwezi uliopita. Tangu hapo akipiga analia, ndani ya mdomo kuna vidonda. Aendelee na hizo nota ndefu au aache?

Mzee Bomba
Mama, akiwa na kidonda apumzike mpaka kipone. Mdomo uliokatika haufundishwi kwa kulazimisha. Louis Armstrong mwenyewe, katikati ya miaka ya 1930, midomo ilimlazimisha kuweka tarumbeta chini kwa miezi.

Akirudi, awaombe kwa daktari wake wa meno ile nta ya kufunika vyuma, na abaki so kushuka chini, dakika chache, mpaka azoee. Kukandamiza kwake ni hatari zaidi kuliko kwa kijana wa Mbagala, kwa sababu nyuma ya mdomo kuna chuma na mbele kuna chuma. Mwalimu wake ajue, asimpangie sehemu ya kwanza.

Mama Nasra
Asante baba. Mwalimu alisema atazoea tu.

Dada wa Fligo
Mama, nilikuwa na mwanafunzi wa hivyo. Alizoea kweli, ila alichukua muda na tulimhamishia koneti ya tatu kwa msimu mzima. Zungumza na mwalimu mapema. Na vyuma vikitolewa atajiona kama anaanza upya kwa wiki kadhaa, usishtuke.

Chipukizi wa Mbagala
Narudi kutoa mrejesho, mwezi umepita na zaidi.

Ratiba nafanya asubuhi kabla ya kuoga. Jirani nimemmaliza hivi: nguo zangu zimetundikwa nyuma ya mlango, naelekeza upande mpana wa tarumbeta humo kwenye makoti na mashati, sauti inamezwa nusu. Ndoano sigusi. Siku za mwanzo bila ndoano nilidhani tarumbeta litadondoka, na nota za juu zilipotea kabisa. Zimerudi, si zote.

Alama mdomoni bado inatokea lakini nikimaliza kunywa chai haipo. Na uchovu umehama, sasa pembe za mdomo ndizo zinazouma, hasa baada ya kuunganisha kwa pistoni zote tatu.

Ibadani nafika ubeti wa tatu vizuri. Wa nne naanza na upepo. Mzee, niongeze dakika kwenye ratiba?

Mzee Bomba
Uchovu kuhamia pembeni ndiyo habari niliyokuwa nasubiri. Ratiba usiiongeze. Ni ya kuamsha na kunyoosha, ikirefuka itakuwa daladala nyingine.

Ubeti wa nne unajengwa na ubeti. Wimbo wenu una beti nne, na kwa mwendo wa kawaida ubeti mmoja ni kama sekunde 40. Jioni moja, angalau dakika 15 baada ya chochote ulichopiga, piga ubeti wa kwanza. Kisha weka tarumbeta mapajani kwa sekunde 40 hizo hizo, uuimbe ubeti kichwani. Piga wa pili, pumzika tena, hivyo hivyo mpaka wa nne. Umepiga beti zote nne, hakuna ulioingia nao umechoka. Fanya wiki nzima hata kama unaona rahisi. Wiki ya pili pumziko liwe nusu ubeti. Wiki ya tatu mapigo manane tu. Ukifika hapo ibada haikutishi, maana hata kinanda hupiga kiunganishi kati ya beti.

Sheria moja: sauti ikianza upepo, simama hapo hapo, siku hiyo imeisha. Usimalizie ubeti kwa nguvu za mkono. Ukimalizia unaufundisha mkono tena kazi tuliyoutoa.

Na siku mbili kabla ya shughuli kubwa punguza. Ukiamka mdomo mgumu, umevimba, piga nota ndefu tu tena kwa sauti ndogo, basi.

Kopa Tupu
Mzee, hapo sikatai. Ila mimi bado navumisha midomo mitupu nikiwa jikoni na najisikia imara.

Mzee Bomba
Wewe una miaka mingi kwenye chombo, midomo yako imeshajua pa kukaa. Dakika chache kwako hazidhuru. Ningependa kujua tu unapiga shughuli ngapi kwa wiki.

Kopa Tupu
Jumamosi harusi mbili tatu, tunazunguka na kirikuu kuanzia saluni mpaka ukumbini. Jumapili napumzika.

Dada wa Fligo
Hapo ndipo penye jibu. Harusini mnapokezana, mmoja anapiga kiitikio mwingine anapumua. Jumapili huna tarumbeta kabisa. Imara yako inatoka huko, haitoki jikoni 😂

Kopa Tupu
Inawezekana. Sijawahi kuacha nikaona.

Chipukizi wa Mbagala
Kuhusu kupokezana, nimeongea na wa tarumbeta ya kwanza. Wimbo ukiwa na beti nyingi tumekubaliana mimi nanyamaza nusu ya kwanza ya ubeti wa tatu, yeye ananyamaza nusu ya pili ya huo huo. Kiongozi wa bendi hajalalamika, anasema inasikika kama tumepanga.

Dada, nimejaribu na bomba lako bila slaidi. Sauti yake inachekesha, ila kweli nikikaza inapanda. Je, nilifanye badala ya zile dakika mbili za mausipisi au baada yake?

Dada wa Fligo
Badala yake.

Mzee Bomba
Baada yake.

Chipukizi wa Mbagala
😂 Haya. Wiki hii nafanya ya mzee, ijayo ya dada, jioni ubeti na pumziko. Halafu nitawaambia ubeti wa nne umekaaje.

Jamaa wa Gongo la Mboto
Nimeshanunua, la mtumba, 7C imo ndani. Slaidi kubwa haitoki kabisa. Nipige nyundo?

Mzee Bomba
Usiguse nyundo! Slaidi hizo ni laini, bomba likikunjika umeharibu chombo. Weka tone la mafuta mepesi kwenye kiungio, liache lilale hapo usiku kucha, kesho ujaribu kwa mikono miwili bila kupindisha. Ikikataa, peleka kwa fundi wa vyombo vya muziki. Wakati unasubiri, una mausipisi: dakika mbili, ishike mkiani.